Akina Mama Wawili wa Alama Moja

Ofisi ya mradi wetu mjini Homa Bay ilikuwa zamani baa. Kaunta ilikuwa bado ipo, na juu ya kaunta hiyo, mahali pa kupangia chupa, ndipo tulipoweka kompyuta. Watu waliokuwa wateja wa zamani waliingia mara kwa mara, wakaitazama kompyuta, wakanitazama mimi, wakatoka.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea takwimu, na nyumbani Migori mama yangu alikuwa amechoka kuwaeleza majirani takwimu ni nini. Mwishowe alianza kuwaambia kwamba mimi ni daktari wa kuhesabu. Jambo hilo liliwaridhisha, na mmoja wao alinijia akitaka nimhesabie siku zake za kujifungua.

Bosi wetu naye alikuwa daktari wa mifugo. Aliwaacha ng'ombe akaja kwa binadamu kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe bila aibu, binadamu wana wafadhili wengi. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tai, alipenda semina, na alipenda sana ripoti yenye jalada la rangi. Jalada la ripoti yetu lilikuwa na ramani ya wilaya zote mbili, Homa Bay na Migori, kuanzia visiwani hadi Ogwedhi, na yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kijani chake.

Mradi wenyewe ulikuwa wa neti za mbu zilizochovywa dawa. Kabla ya neti kufika, vijana wetu walikuwa wamezunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali: umri wa mama, darasa alilofika, nyumba ni ya mabati au ya nyasi, watoto ni wangapi, ng'ombe wapo au hawapo, kliniki iko mbali kiasi gani, ziwa liko karibu au la. Kisha neti zikaja. Hazikutosha. Kila kliniki ya watoto ilipewa fungu lake, na nesi akaambiwa agawe. Hakuna aliyemwambia agawe vipi. Misimu ya mvua ikapita, vijana wetu wakarudi tena kwa kila nyumba, safari hii wakipima damu ya watoto waliokuwa na homa.

Nilipolinganisha, watoto waliolala ndani ya neti walikuwa na malaria kidogo mno kuliko wale waliokosa. Tofauti ilikuwa kubwa hata nikarudia hesabu. Bosi alinunulia ofisi nzima soda. Akasimama nyuma ya kaunta, kama mwenye baa hasa, akasema, "Tumeipiga malaria knockout."

Furaha ile haikumaliza wiki. Mwakilishi wa wafadhili alikuja kututembelea. Alikuwa mama wa Kizungu aliyejifunza Kiswahili Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa fasaha kiasi kwamba wengi wetu tulimjibu kwa Kiingereza, tukiogopa kukosea mbele ya mgeni. Alisikiliza hadithi ya knockout mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Je, hao waliopata neti walikuwa sawa na wale waliokosa, hata kabla ya neti kuja?"

"Sawa kabisa," bosi akajibu. "Wote ni Wajaluo na Wakuria."

"Nauliza kuhusu hali zao. Elimu, nyumba, umbali wa kliniki."

Bosi alinigeukia mimi. Ilibidi niseme ukweli. Waliopata neti, wengi wao walikuwa wa mabati, wamesoma zaidi, na wanaishi karibu na kliniki. Watoto wa nyumba kama hizo wangeugua kidogo hata kama tungewapa sufuria badala ya neti.

Mgeni hakukasirika. Alisema kuna njia ya kulinganisha vizuri zaidi, akaahidi kututumia mtaalamu kutoka Nairobi.

Mtaalamu alikuwa mhadhiri, mtu mwembamba wa makamo mwenye kikohozi na begi la disketi. Tulimwita Mwalimu. Siku ya kwanza alitukusanya wote, hata dereva na mama wa chai, kwa sababu alisema asiyeweza kuieleza kazi yake kwa mama wa chai hajaielewa.

"Tungependa kumwona mtoto mmoja akiwa na neti, na mtoto huyo huyo, wakati huo huo, akiwa hana," alisema. "Hilo haliwezekani. Kwa hiyo tunamtafutia mtu wa kufanana naye. Lakini maswali yenu ni mengi. Ukitaka mtu anayefanana na mwenzake kwa umri, kwa elimu, kwa paa, kwa ng'ombe, kwa umbali, na kwa idadi ya watoto, hutampata. Sasa badala ya kufananisha kila kitu, tunakusanya majibu yote hayo kuwa alama moja: ukitazama hali ya mama huyu kabla ya neti, uwezekano wake wa kupata neti ulikuwa kiasi gani? Hiyo ndiyo alama ya uelekeo. Aliyepata neti tunamuoanisha na aliyekosa, mwenye alama karibu sawa na yake."

"Unawaoanisha?" dereva akauliza. "Na mahari analipa nani?"

Watu walicheka, na Mwalimu akacheka hadi kikohozi kikampata. Lakini bosi hakucheka. Bosi alikuwa ameshika kalamu hewani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona njia kuu baada ya kupotea msituni.

"Kwa hiyo tukishawaoanisha," alisema polepole, "ni kama tuliwagawia neti kwa kura. Ni kama majaribio yenyewe."

"Kwa yale tuliyowauliza," Mwalimu alisema. "Kwa yale tu."

Bosi aliandika nusu ya kwanza, ile yake mwenyewe, ya Mwalimu akaiacha.

Toka siku hiyo neno kuoanisha halikumtoka mdomoni. Alioanisha ratiba na bajeti, akaoanisha gari na dereva. Na kwa kuwa alitaka kusaidia, alimletea Mwalimu pendekezo: kwa nini tusiongeze kwenye alama idadi ya homa alizougua mtoto tangu neti zije? Si ingeifanya alama iwe kali zaidi?

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Daktari, homa hizo ndizo tunazotaka kupima. Neti imeshazigusa. Ukiziingiza kwenye alama, utakuwa unawafananisha watu kwa matokeo yenyewe, halafu unashangaa kwamba matokeo yanafanana. Kwenye alama tunaweka yale tu yaliyokuwepo kabla ya neti."

"Ilikuwa wazo tu," bosi akasema.

Kazi ilianza. Kompyuta ilitoa alama, na printa ikapiga kelele siku nzima kama kinu cha posho. Kuoanisha kwenyewe Mwalimu alitaka tukufanye kwa mkono kwanza, ili nielewe, kabla hajaandika programu. Tukakata karatasi vipande vipande, kila mama kipande chake, tukavitandaza sakafuni pale palipokuwa pa kuchezea dansi. Waliopata neti upande wa dirisha, waliokosa upande wa mlango. Tulipiga magoti, tukachukua kipande cha upande mmoja na kumtafutia mwenzake wa alama ya karibu. Pengo likizidi kiwango tulichokubaliana, hakuna ndoa. Alasiri moja bosi aliingia na kuwasha feni. Wilaya mbili nzima ziliruka hadi chini ya kaunta.

Wengine hawakupata wenza kabisa. Palikuwa na walimu wa kike waishio karibu na hospitali, wenye mabati, wenye vyeti: alama zao zilikuwa juu sana, na kila aliyefanana nao alikuwa ameshapata neti. Hatukuwa na wa kuwalinganisha naye. Tukawaweka kando. Upande wa pili kulikuwa na Ogwedhi, kwa wafugaji wanaohama na mifugo yao. Kliniki iko mbali, na neti hazikufika hata moja. Alama zao zilikuwa karibu na sufuri, na hakukuwa na hata mama mmoja wa aina yao aliyepata neti.

"Kuhusu Ogwedhi," Mwalimu alisema, "data hizi hazina la kusema."

"Lakini Ogwedhi iko kwenye ramani," bosi akasema. "Kwenye jalada."

"Basi ipunguze ramani."

Bosi alimtazama kana kwamba ameombwa akatwe mkono.

Tulipomaliza, tulilinganisha makundi mawili yaliyobaki. Kabla ya kuoanisha, yalikuwa mbalimbali kama Homa Bay na Nairobi. Sasa wastani wa umri ulikuwa karibu sawa, elimu karibu sawa, mabati kwa mabati, umbali kwa umbali. Niliona uzuri wake. Niliwahi kumwona fundi seremala akipitisha randa juu ya ubao hadi ubao ukalala, na niliona raha kama ile. Kisha tukatazama malaria. Tofauti ilikuwa imepungua, imepungua sana, lakini ilikuwa bado ipo.

Soda zikarudi. Mwalimu alikunywa yake nusu, akatwambia tukae.

"Tumesawazisha tulichouliza," alisema. "Tusichokiuliza hakijasawazishwa, isipokuwa kwa bahati, au kama kinafuatana na yale tuliyouliza. Kama kuna jambo lililomfanya mama apate neti, na jambo hilo hilo linamkinga mtoto wake, na halimo kwenye maswali yetu, basi sehemu ya tofauti hii ni ya jambo hilo. Kompyuta haitatuonyesha. Nimejaribu kukadiria: jambo la siri la nguvu ya wastani tu lingetosha kuitikisa hesabu hii. Lazima hilo liandikwe ukurasa wa kwanza."

"Tutaliweka kwenye kiambatisho," bosi akasema.

"Ukurasa wa kwanza."

"Kiambatisho cha kwanza," bosi akasema, kama mtu anayekutana na mwenzake katikati ya daraja.

Mwalimu alirudi Nairobi na kikohozi chake. Ripoti ilitoka na ramani yake nzima, Ogwedhi ikiwa ya kijani kama wenzake. Ukurasa wa kwanza ulisema neti ndiyo iliyoleta tofauti yote. Na ukurasa wa mwisho, ambao niliusoma nikiwa nimesimama, ulikuwa na pendekezo ambalo hatukuwahi kulijadili: kwa kuwa sasa imethibitishwa kwamba neti zinatosha, mradi upunguze dawa za malaria unazopeleka kwenye vituo vya mbali, ili uweze kupanua kazi zake.

Nilimfuata bosi ofisini kwake, chumba kilichokuwa zamani stoo ya kreti.

"Daktari, hatukuthibitisha hivyo."

"Umewaoanisha mwenyewe. Nilikuona umepiga magoti."

"Mwalimu alisema..."

"Mwalimu ni msomi. Wasomi hupenda kusitasita, hiyo ndiyo kazi yao. Sisi tunatakiwa tuamue." Kisha akatabasamu, akawa mpole. "Sikiliza. Mgeni anarudi. Nataka aione jozi. Watu halisi wawili, mama mwenye neti na mama asiye na neti, wanaofanana kama mapacha. Nipatie jozi ambayo wote wawili wanaishi sehemu moja."

Nilimweleza kwamba mambo hayaendi hivyo. Alama kuwa sawa si watu kuwa sawa. Mmoja anaweza kuwa amesoma lakini anaishi mbali, mwingine hakusoma lakini anaishi karibu, na alama zao zikakutana. Kinachofanana ni makundi kwa wastani, si mtu kwa mtu. Alinisikiliza kwa uvumilivu mkubwa, akasema, "Nipatie iliyo nzuri."

Jozi ambayo wote wawili waliishi sehemu moja ilikuwa ya Rodi Kopany peke yake. Nilikwenda kuwaomba ruhusa. Mama mwenye neti alikuwa mtu mzima, ameishia darasa la tatu, boma lake liligusana na ua wa kliniki. Alikubali mara moja, akauliza kama kutakuwa na picha. Yule asiye na neti alikuwa na miaka ishirini na kitu, amemaliza kidato cha nne, ameolewa ndani kabisa kuelekea milimani, kwenye nyumba ya nyasi. Alinisikiliza huku akimnyonyesha mtoto.

"Kwa hiyo mmenioanisha na nani?" aliuliza.

Nilimtajia. Alicheka mpaka mtoto akaachia titi.

"Yule mama wa pale karibu na kliniki? Mimi na yeye? Dada, ninyi mnalipwa kwa kazi hii?"

Siku yenyewe hema lilisimamishwa katika uwanja wa kliniki, karibu na soko, na watu walikuja wengi kwa sababu ilikuwa siku ya soko na kivuli kilikuwa cha bure. Chifu alizungumza. Bosi alizungumza zaidi. Alieleza alama ya uelekeo kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kijaluo cha darasani, na kila mara ikawa kubwa kidogo. Mwisho alinyoosha mkono kama mtu anayefungua pazia.

"Na sasa, mapacha wetu!"

Akina mama wawili walisimama mbele. Mmoja alikuwa mnene, amefunga leso, ana meno machache. Mwingine alikuwa mwembamba kama mche, na angeweza kuwa binti yake wa mwisho. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyo mkubwa alizaliwa asubuhi, huyu mdogo jioni ya kesho kutwa." Hema lote lilianguka kwa kicheko. Mama mtu mzima mwenyewe alimkumbatia mwenzake, akamwita *nyieka*, yaani mke mwenza, akamwuliza mume wao ni nani kati ya hawa wa ofisi. Bosi alirekebisha tai.

Mgeni hakucheka. Alinigeukia. "Nieleze," alisema.

Nilieleza, kwa sauti ya chini: elimu ya huyu inampandisha, umbali unamshusha, yule ni kinyume chake, wanakutana katikati. Ukiwachukua wote wa upande huu na wote wa upande ule, hayo hupatana kwa wastani. Mgeni alielewa mara moja, nami nikamshukuru moyoni. Kisha akamgeukia yule mdogo, na kwa kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi akamwuliza swali ambalo katika mradi mzima hakuna mtu aliyewahi kumwuliza mama yeyote.

"Mama, kwa nini wewe hukupata neti?"

"Sista alininyima."

Nesi wa kliniki alikuwa ameketi safu ya mbele, sare imepauka kwa kufuliwa, mikono mapajani. Akasimama.

"Mimi simnyimi mtu," alisema. "Neti zilikuwa chache. Niliwapa wanaojali."

"Unawajuaje?" mgeni akauliza.

"Nimefanya kazi hii tangu huyu binti hajazaliwa. Anayejali analeta mtoto mapema, akiwa na joto tu. Asiyejali analeta mtoto macho yamegeuka. Wengine nikiwapa neti, kesho naiona ziwani inavua omena. Nikimtazama mama tu, najua."

"Mimi ulinitazama ukaona nini?" yule mdogo akamwuliza. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kwa kweli.

"Mtoto wako wa kwanza ulimleta amechelewa."

"Mto ulifurika. Nilikaa ng'ambo nikiwa nimembeba." Alimhamisha mtoto aliyekuwa naye bega hadi bega. "Nilipovuka ulinigombeza. Sikukwambia kuhusu mto kwa sababu ulikuwa unagombeza."

Nesi aliketi. Nilimwona akitazama mikono yake, na hadi leo sijui kama alikuwa anakumbuka siku hiyo au anazikumbuka siku nyingine nyingi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Jicho la nesi ndilo lililogawa neti. Si mabati, si darasa. Baada ya kuwasawazisha kwa hayo yote, kilichobaki kikimtenganisha mama mmoja na mwenzake ni kwamba mmoja alionekana ni mwangalifu na mwingine hakuonekana. Wengi wa walioonekana waangalifu walikuwa waangalifu kweli: waliwahi kliniki, walifukia vidimbwi, walijua homa. Watoto wao wangeugua kidogo bila neti. Na wengine, kama huyu, walikuwa tu wamekutana na mto siku mbaya. Hakuna swali letu hata moja lililogusa jambo hilo.

Bosi alikuwa mwepesi. "Hakuna shida," alisema kwenye kipaza sauti. "Tutaongeza swali la uangalifu, tutaoanisha upya. Tena tutaongeza watu, tuwe na jozi nyingi zaidi!"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ni kwa sababu kipaza sauti kilikuwa karibu nami, na yeye alikuwa anafuta jasho. Nilikishika.

"Tukiongeza jozi elfu, tutakosea vilevile, ila kwa uhakika zaidi," nilisema. "Na tukiuliza sasa, tunauliza baada ya neti. Mama aliyepewa neti ameshajiona mwangalifu, na nesi ameshamwona hivyo. Swali hilo lilitakiwa kuulizwa kabla."

"Binti," bosi aliniambia pembeni ya mdomo, "keti."

Sikuketi. Nilimgeukia mgeni na kumweleza kuhusu ukurasa wa mwisho. Nilisema neti pengine zinasaidia, mimi naamini zinasaidia, lakini hatujui kwa kiasi gani, na hesabu yetu imezipa sifa za akina mama waangalifu pia. Tukipunguza dawa vituo vya mbali, tutazipunguza kwa wale wale ambao nesi hakuwachagua.

Watu wa nyuma walisogea mbele. Si wote walioelewa habari ya hesabu, lakini neno dawa walilielewa wote. Yule mama mdogo alinitazama, kisha akamtazama bosi.

"Kwa hiyo," alisema, "mliponiita hapa nisimame na huyu mama, ilikuwa ili dawa zipunguzwe kule kwetu?"

Bosi alisema jambo kuhusu mchakato. Mama mtu mzima, ambaye hadi hapo alikuwa anafurahia siku yake, aliuachia mkono wa mwenzake, akavua leso ya begani na kumfunika mtoto wa mwenzake. Kisha akamwambia bosi, kwa Kijaluo na kwa kifupi, kwamba yeye neti yake ataitundika leo kwenye hema hili, kila mtu aitazame vizuri, kama ndiyo itakayomla mtoto wa huyu kwa kumkosesha dawa.

Mgeni alifunga faili lake. Alisema kwa Kiingereza sasa, labda ili bosi asikose neno, kwamba pendekezo la dawa limesimamishwa. Chakula kilipoletwa, bosi alikula vizuri tu. Njiani kurudi alikaa mbele karibu na dereva, ambaye kwa moyo mzuri aliuliza kama wale wawili tunaweza kuwapa talaka.

Nilitarajia kufukuzwa. Badala yake mgeni aliandika kutoka ofisi yake kwamba fungu linalofuata la neti ligawanywe kwa kura, hadharani, na watakaokosa wapate msimu unaofuata. Bosi alilipokea wazo hilo kama mtu anayempokea mwanawe aliyepotea. Baada ya wiki mbili lilikuwa wazo lake. Baada ya mwezi alikuwa analieleza kwenye semina.

Kura zilipigwa vijijini kuanzia Lambwe, mbele ya machifu, kwa vikaratasi ndani ya kofia. Malalamiko yalikuwa makubwa. Watu wa mabati walisema haiwezekani kofia isijue nani ni nani. Mzee mmoja wa kanisa aliomba kura irudiwe kwa maombi. Nesi wa Rodi Kopany alikataa kuhudhuria mara ya kwanza. Alisema ni ujinga kumpa neti mtu usiyemjua na kumnyima unayemjua. Mara ya pili alikuja, akasimama nyuma kabisa, na kila jina lilipotoka alitingisha kichwa kukataa au kukubali. Mwisho alinijia.

"Wewe msomi," alisema, "neti zikiwa tatu na watoto kumi, ungempa nani?"

Nilimwambia sijui.

"Basi na mimi nilikuwa sijui," alisema. "Ila mimi nilitakiwa nitoe."

Matokeo yalipokuja, neti zilikuwa zinasaidia kweli, bila shaka yoyote. Ila tofauti ilikuwa ndogo kuliko ile tuliyoipata kwa kuoanisha, na ile ya kuoanisha ilikuwa ndogo kuliko ile ya soda ya kwanza. Bosi aliipeleka Nairobi ikiwa na jalada jipya. Alipandishwa cheo huko huko, na nasikia alizungumza kwa ufasaha mkubwa kuhusu hatari ya kutegemea data zisizo za majaribio. Mwalimu alikuwa ukumbini. Aliniandikia kwamba alikohoa pale palipostahili.

Yule mama mdogo alikosa kwenye kura ya kwanza. Alipata msimu uliofuata, na nilimpelekea mwenyewe kwa sababu njia ya kule ilikuwa haina gari. Kumbe neti zile zilitengenezwa na watu waliodhani kila nyumba ina pembe nne. Nyumba yake ilikuwa ya mviringo. Tulihangaika, yeye juu ya kiti, mimi nimeshika kona moja, mama mkwe wake akitoa maagizo kutoka mlangoni, kuku wakiingia na kutoka. Tulifunga kamba kwenye boriti, ikateleza. Tukaifunga tena kwenye msumari wa kutundikia kibuyu. Mtoto, ambaye sasa alikuwa anatembea, aliingia ndani, akaketi katikati ya neti iliyolegea, akaanza kuitafuna.

"Ina dawa hiyo!" nilipiga kelele.

Mama yake alimchomoa, akampangusa mdomo kwa kiganja, akaniambia nishike kona yangu vizuri.